Jopo Likinyamaza: Jinsi ya Kujibu Mahojiano ya Kazi Bila Kutetereka

Mwombaji kazi anayetoka Elwak hufunga safari ndefu hadi Mandera mjini kwa ajili ya mahojiano ya dakika chache. Anaingia chumbani, anatoa salamu, na wanajopo wanaitikia kwa sauti ya chini kisha wanainamia karatasi zao. Hakuna anayetabasamu. Wengi hutoka hapo wakiamini kwamba walikataliwa hata kabla ya swali la kwanza. Mara nyingi dhana hiyo si ya kweli, na ndiyo inayowaharibia majibu.

Kwa nini wanajopo hawatabasamu

Katika mahojiano ya utumishi wa umma, kila mwanajopo huwa na karatasi ya alama mbele yake. Waombaji wa nafasi moja huulizwa maswali yaleyale ili waweze kulinganishwa, na mwanajopo huandika mwombaji anapozungumza. Ndiyo maana haangalii usoni. Isitoshe, katika eneo ambalo watu wengi wanafahamiana, mwanajopo anayejua familia ya mwombaji hujizuia zaidi ili asionekane anapendelea. Uso mkavu, basi, hauonyeshi alama zilizoandikwa.

Hatari iko kwenye kimya kinachofuata jibu. Mtu aliyezoea mazungumzo ambayo msikilizaji huitikia "haa" kila baada ya maneno machache hudhani kimya ni dalili ya kukosea. Anaanza kuongeza maneno, anarudia, na mwishowe anapinga alichosema mwanzoni. Jibu lililostahili alama nzuri linapungua thamani mikononi mwake mwenyewe. Dawa yake ni kumaliza jibu kwa sentensi ya kufunga, kama vile "Hizo ndizo hatua ningechukua," kisha kunyamaza. Wakitaka zaidi, watauliza.

Moyo ukienda mbio, mwombaji avute pumzi polepole kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mara mbili, swali linaposomwa. Mapigo ya moyo hupungua kidogo mtu anapotoa pumzi, kwa hiyo pumzi ya kutoka ndiyo inayofaa kurefushwa. Anayefikiri kwa Kisomali na kujibu kwa lugha nyingine pia anahitaji nafasi hiyo. Kukaa kimya sekunde tano kabla ya kujibu si kosa.

Mfano: muuguzi anayebanwa

Tuchukue mfano wa muuguzi anayeomba kazi katika hospitali ya kaunti ndogo. Anaulizwa: "Mama amejifungua sasa hivi na anavuja damu nyingi. Utafanya nini?"

Anajibu: "Nitaita msaada mara moja na kusugua mji wa mimba ili ukaze. Nitampa oksitosini yuniti 10, nitamwekea maji ya mshipa, na nitahakikisha kibofu hakijajaa. Kisha nitaangalia kama kondo la nyuma limetoka lote na kama amechanika."

Mwanajopo anamkatiza: "Oksitosini imeisha."

Hapa wengi hushtuka na kuanza kulaumu uhaba wa dawa. Lakini mwanajopo hajasema jibu ni baya. Ameondoa kifaa kimoja ili aone kama mwombaji anajua hatua inayofuata. Muuguzi mtulivu anasema: "Sawa. Kama misoprostoli ipo, nitampa mikrogramu 800 chini ya ulimi."

"Hiyo pia haipo. Na gari la wagonjwa liko safarini."

"Basi nitatumia mikono. Nitaubana mji wa mimba kwa mikono miwili, mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, huku mwenzangu akipigia simu hospitali itakayompokea na kutafuta usafiri mwingine. Sitamwacha mama, na nitaandika saa na kila nilichofanya."

Swali lilikuwa gumu, lakini halikuwa la uadui. Muuguzi alifanya mambo matatu: aliacha kuzungumza alipokatizwa, alikubali hali mpya kwa neno moja, kisha akasonga hatua moja mbele bila kurudi mwanzo. Kama angefika mahali asipojua, jibu salama lingekuwa: "Hapo sina uhakika. Ningemuuliza msimamizi wangu na kufuata mwongozo wa wodi." Katika kazi ya afya, kubuni kipimo cha dawa ni kosa kubwa kuliko kukiri kutojua. Na akigundua amekosea, aseme: "Naomba kurekebisha jibu langu la awali."

Swali la kuchoma

Kuna maswali yanayogusa heshima ya mtu. "Ulimaliza chuo miaka miwili iliyopita. Mbona hakuna aliyekuajiri?" Mwombaji aondoe mwiba na atafute swali la kazi lililo ndani yake. Jopo linataka kujua kama ujuzi wake bado uko hai. Ajibu hilo kwa mambo ya kweli na yanayoweza kuthibitishwa: leseni yake ni hai, alijitolea kwenye zahanati kwa miezi kadhaa, alisaidia katika siku za chanjo. Kujitetea kwa hasira au kuwalaumu waajiri hakuongezi alama hata moja.

Wakenya waliona jambo hili kwenye televisheni mwaka 2011, Tume ya Huduma za Mahakama ilipowahoji hadharani waombaji wa kiti cha Jaji Mkuu. Daktari Willy Mutunga aliulizwa kuhusu kipuli anachovaa sikioni. Alijibu waziwazi kwamba hangekivua kwa ajili ya kupata kazi. Mwaka huohuo akawa Jaji Mkuu. Alijibu lililoulizwa, na hakugombana na aliyeuliza.

Swali lisiloruhusiwa

Utulivu una mipaka yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa misingi kama kabila, dini, ulemavu, ujauzito au hali ya ndoa. Swali kama "Wewe ni wa ukoo gani?" au "Una mpango wa kuzaa lini?" halipimi kazi. Mwombaji anaweza kulirudisha kwenye kazi bila kuinua sauti: "Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kufanya zamu zote zilizotajwa kwenye tangazo."

Akishatoka, aandike siku hiyohiyo maneno ya swali, tarehe, saa na cheo cha aliyeuliza. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Rufaa hiyo huwa kwa maandishi na hupelekwa ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Maelezo yaliyoandikwa siku ileile yana uzito kuliko kumbukumbu ya mwezi uliofuata.

Zoezi la nyumbani

Siku chache kabla ya mahojiano, mwombaji amwombe ndugu au rafiki aketi mbele yake na karatasi, amuulize maswali matano kutoka kwenye majukumu yaliyo katika tangazo, asiitikie kwa kichwa, na amkatize mara mbili. Mazungumzo yarekodiwe kwa simu. Anaposikiliza, atafute mahali ambapo jibu lilikuwa limekwisha lakini yeye akaendelea kusema. Hapo ndipo pa kurekebisha, kisha zoezi lirudiwe siku inayofuata kwa maswali mengine.