Spika ya Dukani na Masikio Yako

Hivi, umetoka Ziba kuja kusoma Tabora mjini, na chumba ulichopanga kinatazamana na duka lenye spika mlangoni. Je, ni usumbufu tu?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kwenye desibeli 85, sikio huvumilia saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua nusu: 88 ni saa 4, na 100 ni dakika 15 tu!

Tuseme spika hiyo inatoa 100 ukiwa mita 1. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, desibeli hupungua 6. Mita 2 ni 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82. Kwenye uchochoro, kuta hurudisha sauti, hivyo hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Muuza duka anayekaa karibu ndiye anayeharibikiwa masikio. Wewe wa mita 8 unakosa usingizi, na kwa miaka mingi shinikizo la damu linaweza kupanda.

Huna kipimo? Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye mita 1 akusikie, au masikio yakivuma baadaye, ujue imezidi. Seli za kusikia zikifa haziotei tena.

Mwombeni apunguze sauti na kuigeuzia spika ndani. Akigoma, nendeni serikali ya mtaa: kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015.