Riba ya kila siku inaweza kupandisha deni mpaka wapi?



Koperative moja ya kahawa upande wa Kalehe ilikopa dola 1000 ili inunue mashine ya kumenya kahawa. Makubaliano yalikuwa 24 kwa mia kwa mwaka, na deni lote lilipwe mara moja kisha miezi kumi na miwili, wakati kahawa imekwisha kuuzwa. Siku ilipofika, karatasi ya mkopeshaji ilionyesha dola 1329,28. Wanamemba walikuwa wanangojea kulipa 1240. Mtunza feza alimuuliza ajenti wa mikopo, naye akamjibu: «Ni juu ya riba inahesabiwa kila siku.» Alipoleta jibu hilo mbele ya mkutano mkuu, wapo waliosema wazi kwamba zile dola 89 ziko mfukoni mwake.

Komite ilituomba tuangalie karatasi pamoja nao. Tulianza na ulizo moja tu: riba ikihesabiwa kila siku, inaweza kweli kupandisha deni mpaka pale?

Tuanze na jambo ambalo wengi wanalijua nusu. Mkopeshaji akisema «24 kwa mia kwa mwaka», amesema kiwango, lakini hajasema ni mara ngapi katika mwaka riba inaingizwa ndani ya deni. Ikiingizwa mara moja, mwisho wa mwaka, dola 1000 zinakuwa 1240. Ikiingizwa kila miezi sita, kisha nusu mwaka deni linakuwa 1120, na nusu ya pili inahesabiwa juu ya 1120 hizo, si juu ya 1000 tena. Mwisho wa mwaka ni 1254,40. Ikiingizwa kila mwezi, yaani 2 kwa mia mara kumi na mbili, tunafika 1268,24. Kila siku: 1271,15.

Mkopo unaitwa wa 24 kwa mia mara zote nne. Lakini ukiuliza mwaka umekula ngapi kweli kwa kila dola mia, jibu ni 24 kwa yule wa kwanza, 25,44 kwa wa pili, 26,82 kwa wa tatu na karibu 27,11 kwa wa ine. Hicho ndicho kiwango halisi cha mwaka. Kile kingine ni kiwango cha jina.

Sasa muangalie vizuri zile namba. Kutoka mara moja mpaka mara mbili, deni limeongezeka dola 14 na zaidi. Kutoka mara kumi na mbili mpaka mara 365, limeongezeka dola 2,91 tu. Tumeongeza hesabu mara 353, na hatukupata hata dola tatu! Na kama mkopeshaji angehesabu kila saa, kila dakika, kila kufumba na kufumbua jicho, bila riba kupumzika hata kidogo? Deni lingefika 1271,25. Senti kumi juu ya hesabu ya kila siku, na hapo ndipo mwisho. Hakuna namna ya kukata mwaka vipande vidogo zaidi itakayopita pale.

Kwa nini kuna mwisho? Watu wengi wanafikiri riba isiyokatika ingekula shamba lote. Tulieleza mambo haya ku mkutano kwa kutumia ukoo.

Zile dola 1000 ndizo mama. Katika mwaka, mama anazaa 240. Hao ni watoto. Lakini watoto hawakuzaliwa wote siku ya kwanza, wamekuja pole pole, kidogo kila siku. Kwa wastani, ni kama nusu yao, 120, walikuwepo mwaka mzima. Na wao wanazaa 24 kwa mia: 28,80. Hao ni wajukuu. Wajukuu wamechelewa zaidi kuja, wengi wao wametokea karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo ni kama theluthi yao tu, 9,60, walikuwepo mwaka mzima, na wanazaa 2,30. Hao ni vitukuu. Vitukuu wanachukuliwa robo yao tu, na wanazaa senti 14. Kizazi kinachofuata hakifiki hata senti moja.

Jumlisheni: 240, na 28,80, na 2,30, na 0,14. Ni 271,24. Senti moja inayobaki imetoka kwa vile vidogo tulivyokata na kwa vizazi vya mbele. Kila kizazi ni kidogo sana kuliko kilichotangulia, ndiyo maana ukoo hauwezi kujaza dunia katika mwaka mmoja.

Njia hii ni nyepesi, hata mtu mwenye kalamu na kikaratasi anaiweza: chukua kizazi cha mwisho, kizidishe na 0,24, kisha gawanya na 2 kwa wajukuu, na 3 kwa vitukuu, na 4 kwa wanaofuata. Mwenye telefone ya kisasa anaweza kufungua kalkulatrisi, kuilaza telefone upande, kutafuta kitufe `e^x` na kuandika `e^0.24`. Itatoa `1.27124915`. (Nukta ya telefone ndiyo koma yetu.) Ile herufi ni namba 2,71828, na asili yake ni swali hili letu: mwaka 1683 Mswisi mmoja, Jacob Bernoulli, alijiuliza deni la 100 kwa mia lingefika wapi kama riba ingeingizwa bila kupumzika. Kwa mwaka mmoja, dola 1 ingekuwa dola 2 ikihesabiwa mara moja, na 2,71 na kitu ikihesabiwa bila kukatika. Hata kwa riba kali namna ile, kuna paa.

Turudi Kalehe. Paa la mkopo wa dola 1000, kwa 24 kwa mia, kwa mwaka mmoja, ni 1271,25. Karatasi iliandika 1329,28. Kwa hiyo jibu la ajenti halikutosha. Dola 58 zilikuwa juu ya paa, na kitu kilicho juu ya paa hakikuletwa na hesabu ya kila siku, hata mtu aihesabu namna gani. Lazima kitu kingine kimeingia.

Tulisoma mkataba wote, na ukurasa wa pili ndio ulikuwa na jibu. Kulikuwa na dola 30 za dosie. Komite haikuzilipa ku mkono. Mkopeshaji alizitia ndani ya deni siku ya kwanza. Kwa hiyo deni halikuanza kwa 1000, lilianza kwa 1030, na dola 30 zile nazo zilizaa kila siku mwaka mzima: 8,13. Kisha kulikuwa na dola 20 za ajenti kuja kutembelea kazi, zilizoandikwa siku ya mwisho. Tukajumlisha: 1271,15 ya deni lenyewe, 38,13 ya dosie na riba yake, 20 ya matembezi. Inatoa 1329,28, hata senti haikupotea.

Mtunza feza hakuchukua kitu. Mkopeshaji naye hakuiba, maana yote yaliandikwa na komite ilitia mkono. Lakini muone: kwa miezi yote ile watu walibishana juu ya riba ya kila siku na riba ya kila mwezi, ambazo tofauti yao kwa deni hili haifiki dola tatu. Dosie peke yake ilikula mara kumi na tatu ya hizo.

Katika mkopo wao wa pili, komite iliomba mambo mawili: dosie ilipwe ku mkono siku ya kutia mkono, na mkopeshaji aandike ndani ya mkataba namba moja, yaani jumla ya dola zitakazolipwa siku ya mwisho. Ajenti alikubali lile la pili kwa shida kidogo.

Walikuwa pia na mkopeshaji mwingine, aliyeomba 26 kwa mia, riba mara moja mwisho wa mwaka, bila dosie. Wazee wawili katika komite walimkataa mbio: «26 ni nyingi kuliko 24.» Kwa jina ni kweli. Lakini kwa dola 1000, huyu angechukua 1260, na yule wa 24 ya kila siku 1271,15 mbele hata ya kuongeza dosie. Huwezi kulinganisha 24 na 26 kama hazihesabiwi mara sawasawa. Zigeuze zote mbili ziwe dola za mwisho wa mwaka, halafu ulinganishe.

Mambo haya yana mipaka yake. Kama mnalipa riba yote kila mwezi, namna vikundi vingi vya AVEC vinavyofanya, basi riba haiingii ndani ya deni na haizai kitu. Watoto wanaondoka nyumbani mbele ya kuzaa. Hesabu ya paa ni ya deni linalolala bila kulipwa. Na kiwango kikiwa kidogo, paa liko karibu sana na jina: akiba ya 5 kwa mia haiwezi kupita 5,13 kwa mwaka. Kwa akiba ya dola 200, kati ya riba ya mara moja na ile isiyokatika kuna senti 25 tu. Usihamishe akiba yako kwa sababu mtu amekuambia kwake wanahesabu kila siku. Moto ya kwenda kule itakula zaidi. Lakini kiwango kikiwa kikubwa, pengo linafunguka. Kikundi kinachokopesha kwa 5 kwa mia kila mwezi kinasema 60 kwa mwaka. Mtu asipolipa kitu mwaka mzima, na riba ikiingizwa kila mwezi, amefika karibu 79,59. Bila kukatika ingekuwa 82,21.

Zoezi la kufanya pamoja ku mkutano ujao: deni la dola 400, kwa 30 kwa mia, mwaka mmoja, riba isiyokatika. Anzeni na watoto, 120, kisha fuateni ukoo kwa kuzidisha na 0,30. Mkifika 539,94, mmekuta paa. Halafu leteni mkataba mmoja wa kweli wa koperative yenu, na muangalie kama namba iliyoandikwa iko chini ya paa lake ao juu.