Kagua vihisi kabla hujalipia simu

Unashuka Kariakoo, unafungua Google Maps, kitone cha buluu kinakaa palepale ulipo, lakini hujui uanze kulia au kushoto. Usiilaumu GPS. Yenyewe inajua ulipo tu. Umeelekea wapi ni kazi ya dira, yaani kihisi cha sumaku, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Penye dira, kitone hutoa mwanga mithili ya tochi upande unaoelekea. Pasipo dira, ramani hubahatisha mwelekeo mpaka utembee kidogo.

Kwa hiyo kagua ukiwa bado dukani. Kwenye Samsung nyingi, piga *#0*# kisha gusa Sensor. Kwenye Android nyingine, pakua CPU-Z ufungue Sensors. Tafuta Magnetometer (ndiyo dira), Gyroscope na Barometer, ambayo pengine huandikwa Pressure. Zungusha simu uone namba za dira na Gyroscope zikibadilika, maana jina peke yake halitoshi. Ukikuta “virtual gyroscope”, jua hicho si kifaa, ni hesabu ya programu.

Dira ina adui mkubwa: sumaku. Hapa pwani, nguvu ya sumaku ya dunia husomeka kati ya mikrotesla 30 na 40. Ukiona 100 na kuendelea, vua kava lenye kifungo cha sumaku, au ondoa simu kwenye kishikio cha gari, kisha ichezeshe hewani kwa kuchora namba 8 mara kadhaa. Namba isiposhuka, sogea mbali na chuma. Paa la bati na nondo za ghorofa nazo huipotosha.

Jairoskopu hupima kasi ya simu kugeuka. Programu za uhalisia ulioongezwa, zile zinazokuwekea kochi la kidijitali sebuleni kupitia kamera, zinaitegemea: bila hiyo kochi huelea, na nyingi hata hazifunguki. Kama huzitumii, usiongeze hela kwa ajili yake.

Baromita ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Hatua zako huhesabiwa na kihisi cha mtikisiko, ambacho karibu kila simu inacho. Baromita ina maana kwa anayepanda ngazi au milima: karibu na usawa wa bahari, kila mita 8 unazopanda hupunguza mgandamizo wa hewa kwa takriban hektopaskali 1, hivyo ghorofa nne, kama mita 12, ni 1.5 hivi. Ila kwenye ukanda wetu wa joto mgandamizo hupanda na kushuka wenyewe kila siku, kilele kikiwa kama saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi alasiri. Simu iliyolala mezani inaweza “kupanda” mita 20 na zaidi. Pima mwinuko wa safari moja fupi, usilinganishe asubuhi na jioni.

Bajeti ikibana, chagua yenye dira. Jairoskopu ifuate, baromita iwe ya mwisho.