Pampu Inawaka na Kuzima Ovyo

Swali: Nikifungua bomba kidogo tu, pampu inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Nikaze swichi ya presha?

Jibu: Swichi iache kwanza, pima upepo wa tangi. Zima umeme, fungua bomba la chini mpaka maji yaishe presha, kisha weka geji ya matairi kwenye valvu ya tangi. Kama swichi huwasha kwa psi 30 na kuzima kwa 50, upepo uwe 28. Ukipungua, pampu ya baiskeli inatosha. Valvu ikitema maji, mpira wa ndani umepasuka.

Kwenye swichi nyingi, nati kubwa hupandisha viwango vyote viwili; ndogo husogeza cha kuzimia tu. Hicho kikizidi nguvu ya pampu, haitazima kamwe.