Cheo au bosi: mwongozo kwa mwenye barua mbili za ajira

Tuchukue mfano wa afisa wa mikopo anayeishi Mamboleo. Kwa miaka kadhaa amekuwa akihudumia vikundi vya wafanyabiashara wa Kibuye na Kondele, na sasa ana barua mbili mkononi. Ya kwanza ni ya kampuni ndogo ya mikopo inayomtaka awe meneja wa tawi lake la Ahero kwa mshahara wa shilingi 58,000. Ya pili imetoka kwa sacco moja mjini Kisumu. Huko atabaki na cheo kilekile cha afisa wa mikopo, kwa shilingi 54,000, ila atakuwa chini ya mkuu wa mikopo anayesifiwa na kila aliyewahi kufanya kazi naye. Nyumbani wameshaanza kumwita meneja.

Mwongozo huu unafuata uamuzi wake, kwa sababu mambo anayopaswa kuyapima ndiyo yale yale kwa mhasibu wa kiwanda cha sukari au muuguzi wa hospitali ya binafsi.

Tuanze na pesa ili tuziondoe njiani. Tofauti ya mishahara ni shilingi 4,000 kabla ya makato. Kwa kiwango hicho cha mshahara, ukitoa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kisha kodi ya asilimia 30 kwa kinachosalia, anabakiwa na takriban shilingi 2,500. Akienda kazini siku 22 kwa mwezi, hizo ni kama shilingi 114 kwa siku. Kutoka Mamboleo hadi Ahero huenda akalazimika kuunganisha matatu. Nauli ya Ahero ikizidi ya mjini kwa shilingi 57 kila safari, nyongeza yote imeishia kwa makanga. Kwa hiyo mshahara hauamui lolote hapa, na mwenye barua mbili afanye hesabu hii kabla ya kujadili mengine.

Cheo kinabeba nini

Neno meneja halina kipimo cha kisheria. Kuna meneja wa tawi anayeajiri, anayeidhinisha mikopo na kusimamia bajeti yake, na kuna meneja wa tawi ambaye ni karani mwenye funguo za ofisi. Njia ya kuwatofautisha ni kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi: ni wafanyakazi wangapi watawajibika kwangu, na je, nina sauti katika kuwaajiri na kuwaachisha? Ni kiasi gani naweza kuidhinisha kwa sahihi yangu bila kupiga simu makao makuu? Tarajio la mwezi linapangwa na nani?

Tuseme mwenzetu aliuliza akajibiwa hivi: atakuwa na maafisa wanne, wote wanaajiriwa kutoka Nairobi, mkopo wowote unaozidi shilingi 20,000 hupitishwa na makao makuu, matarajio huletwa kwa barua pepe tarehe moja. Cheo cha namna hiyo kinampa lawama za umeneja bila mamlaka yake.

Liko swali la nne, ambalo watu wa mikopo wanalijua na wengine hulisahau. Hali ya tawi analokabidhiwa ikoje? Aombe kuona mikopo iliyochelewa kwa zaidi ya siku 30, ni kiasi gani cha fedha zote zilizo mikononi mwa wakopaji. Meneja mpya hupimwa kwa marejesho ya tawi zima, pamoja na madeni yaliyotolewa na mtangulizi wake kwa watu ambao pengine walishahama. Akiukubali umeneja, basi barua itaje tarehe ya makabidhiano na kwamba mikopo ya kabla ya tarehe hiyo itahesabiwa kando. Kampuni inayokataa kuandika sentensi hiyo imeshamweleza jinsi atakavyopimwa.

Aangalie pia kinachopotea. Makubaliano ya pamoja kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri kwa kawaida hayawahusu mameneja. Mtu anayetoka ngazi inayolindwa na chama, kama vile karani wa benki au fundi wa kiwanda cha sukari, anaweza kupoteza malipo ya saa za ziada na mtetezi wake siku hiyohiyo anapopewa kadi mpya ya jina.

Kumpima bosi ambaye bado si wako

Watu wengi humpima bosi kwa jinsi alivyowapokea kwenye usaili. Kipimo hicho ni dhaifu, kwani siku hiyo kila mtu ni mpole. Waulize walioondoka. Kisumu si mji mkubwa kiasi hicho. Ukikaa jioni mbili Kondele na watu wa fani yako utampata aliyewahi kufanya kazi chini ya huyo unayemtafuta. Usimuulize kama bosi ni mzuri. Muulize nini kilitokea mara ya mwisho kazi ilipoharibika: nani alisimama mbele ya wakubwa kujibu, na nani alitolewa kafara? Muulize pia walio chini yake waliishia wapi. Bosi anayelea watu huacha nyayo: huyu sasa ni mkuu wa idara, yule aliombewa nafasi katika shirika jingine.

Kwa kazi ya mikopo kuna shahidi mwingine, naye ni mkopaji. Kina mama wa mitumba wa Kibuye huwajua wakubwa wa maafisa kwa sababu deni likichelewa ndipo mkubwa huonekana. Wakisema mkuu wa sacco alikuja mwenyewe, akakaa na kikundi, akapanga upya marejesho na wala hakumkaripia afisa mbele yao, huo ni ushahidi mzito kuliko barua yoyote ya sifa. Upande wa Ahero nako aulizwe mwenye kibanda jirani na ofisi: mameneja wangapi wamepita hapo katika miaka miwili? Wakiwa watatu, tatizo haliko kwa mameneja.

Kisha umuulize bosi mwenyewe, kwa adabu: mtu nitakayerithi kiti chake aliondoka kwa nini? Na je, wewe utaendelea kuwapo mwaka ujao? Swali la pili linaonekana la ujasiri, lakini linagusa udhaifu mkubwa wa kuchagua kazi kwa sababu ya mtu. Akihamishwa mwezi wa tatu, umebaki na cheo kidogo na mgeni.

Sheria inalinda kimoja tu

Hapa ndipo uzito wa mambo unapobadilika. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi kinachotaja tarehe za kuanza na kumaliza, mahali, na aina ya kazi aliyoifanya. Hata bosi anayekuchukia hana budi kukuandikia. Lakini kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa barua ya kusifu tabia wala utendaji wako. Kwa maneno mengine, kazi uliyoifanya utaandikiwa. Neno jema ni hiari ya mtu. Na mwajiri wako wa baadaye, akishasoma cheti, atapiga simu.

Kifungu cha 42 kinaongeza jambo. Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi sita, nacho kinaweza kurefushwa kwa hadi miezi sita mingine ukikubali. Katika muda huo mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba, au malipo ya siku saba. Anayependekeza uthibitishwe au uondoke ni bosi wa karibu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza cheo chenyewe kiko mikononi mwa bosi, hasa kwenye kampuni ndogo isiyo na idara ya wafanyakazi inayojitegemea.

Kwa sababu hiyo hukumu yangu kwa mwenzetu wa Mamboleo ni achukue sacco. Mishahara inakaribiana, umeneja wa Ahero ni mtupu, na bosi wa mjini amethibitishwa na watu wasiofaidika kwa kumsifu.

Hukumu ingekuwa tofauti serikalini. Kwenye kaunti na wizara, kundi la kazi ndilo linaloamua mshahara, marupurupu na hata pensheni, na mkubwa anaweza kuhamishwa kwa barua ya mstari mmoja. Huko chukua cheo. Chukua cheo pia ukiwa umekwama ngazi moja muda mrefu hata waajiri wanakutupa kabla ya usaili, mradi kiwe na watu na sahihi ndani yake. Na kwenye miradi ya wafadhili, uliza kwanza tarehe ya fedha kwisha. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kwenye miradi ya afya iliyotegemea fedha hizo, cheo kizuri na bosi mwema havikumwokoa mtu.

Kabla ya kujibu barua yoyote, jaribu kupata vyote viwili. Cheo ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote ambavyo mwajiri anaweza kukupa. Bosi mwema hawezi kuongezwa kwenye barua ya kampuni nyingine. Kwa hiyo omba kwa yule mwenye bosi mzuri, wala si kinyume chake. Mwenzetu angeiandikia sacco hivi: "Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Nina ofa nyingine ya umeneja wa tawi, lakini ningependa kufanya kazi nanyi. Naomba cheo kiwe Afisa Mwandamizi wa Mikopo, au barua itaje kwamba cheo kitaangaliwa upya baada ya miezi sita nikifikisha marejesho tutakayokubaliana." Asidanganye kuhusu ofa ya pili, maana wakuu wa mikopo wa mji mmoja huzungumza. Wakikubali, jambo hilo liingie kwenye barua. Kifungu cha 10 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinataka mkataba wa maandishi ueleze kazi yako, saa, mahali na mshahara, na maelezo hayo yakufikie kabla ya miezi miwili kupita tangu uanze. Ahadi ya kwenye simu haimo humo.

Usijiuzulu kazi ya sasa kwa kutegemea simu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unataka zaidi, au hulipa badala yake. Subiri barua yenye sahihi, cheo, mshahara na tarehe ya kuanza, ndipo uandike ya kuondoka. Siku hiyohiyo ijulishe kampuni uliyoikataa, kwa heshima na bila kueleza kasoro zao.