SOMO: Kusoma picha ya jedwali la Ekseli na kumwandikia msimamizi aya moja



Wengi wenu mnaopeleka ripoti kutoka Masisi na Walikale mmeshapokea kwenye simu picha ya skrini yenye namba. Ofisi inakusanya ripoti zenu zote, inaziweka kwenye Ekseli, kisha inatuma picha ya jedwali la muhtasari. Kwenye kompyuta ya Kifaransa jedwali hilo linaitwa Tableau croisé dynamique. Sisi tutaliita jedwali la pivoti. Baadaye mnaombwa: "Tuandikieni aya moja, msimamizi anataka kuamua kesho."

Aya hiyo ni ndogo lakini ina uzito. Msimamizi hatafungua jedwali. Atasoma mistari yenu mitano na kuamua maturubai yaende wapi. Mkisoma namba vibaya, upande mmoja utapata na mwingine utakosa, na maneno ya "wenzetu wanapendelewa" yataanza hapo hapo. Tujifunze basi kusoma kwanza, ndipo tuandike.

MFANO WETU

Namba zote zilizo hapa tumezitunga kwa ajili ya somo. Majina ya mahali ni ya kweli ili mfano ueleweke, lakini hesabu si za kweli. Msizipeleke popote.

Tuseme kila komite hutuma ripoti ya familia mpya zilizofika bila turubai. Kila ripoti ni mstari mmoja katika Ekseli: teritwari, mahali, mwezi, na idadi ya familia mpya. Katibu anapokea picha hii:

```
Mwezi                 (Plusieurs éléments)

Étiquettes de lignes  Nombre de Familia mpya
Masisi                21
   Masisi-centre       6
   Mweso               5
   Nyabiondo          10
Walikale               8
   Kibua               6
   Pinga               2
(vide)                 3
Total général         32
```

Katibu akiwa na haraka anaandika hivi: "Masisi kuna familia 21, Walikale 8. Masisi ina shida karibu mara tatu ya Walikale. Tunaomba maturubai yaende Masisi."

Kila namba aliyoandika imo kwenye picha. Hata hivyo, aya yake si ya kweli. Tuone kwa nini.

HATUA YA 1: Uliza kimehesabiwa nini

Kabla ya kutazama namba, soma kichwa cha safu ya namba. Hapa pameandikwa Nombre de Familia mpya. Neno Nombre maana yake Ekseli imehesabu mistari, yaani ni ripoti ngapi zina kitu kilichoandikwa mahali pa familia. Haikujumlisha familia. Kwa hiyo 21 ni ripoti 21 kutoka Masisi, na 2 ni ripoti mbili kutoka Pinga. Ripoti moja inaweza kuwa na familia 5 au familia 150. Zote mbili zinahesabiwa moja.

Anayetaka jumla ya familia anatafuta neno Somme. Kwenye kompyuta ya Kiingereza maneno hayo ni Count na Sum.

Kwa nini ofisi itume Nombre? Mara nyingi si uzembe. Ekseli yenyewe huchagua Nombre pale inapokuta neno ndani ya safu ya namba, kwa mfano mtu aliyeandika "kama 60" badala ya 60. Kwa hiyo ukiona Nombre mahali ulipotarajia Somme, chukua kama onyo: huenda ndani ya orodha kuna mstari ulioandikwa kwa maneno.

Katibu wetu anapiga simu ofisini.

"Kaka, pole na kazi. Ile picha imehesabu ripoti. Unaweza kutubadilishia iwe Somme?"

"Ndiyo, Mama. Ngoja dakika mbili."

Picha ya pili inafika:

```
Étiquettes de lignes  Somme de Familia mpya
Masisi                640
   Masisi-centre      150
   Mweso              210
   Nyabiondo          280
Walikale              610
   Kibua              370
   Pinga              240
(vide)                 45
Total général        1295
```

Sasa habari imegeuka. Masisi na Walikale zinakaribiana sana. Na mahali penye familia nyingi kuliko pote ni Kibua, iliyoko Walikale, ile teritwari ambayo aya ya kwanza ingeiacha bila kitu.

Angalizo moja. Tumeweza kujumlisha kwa sababu kila ripoti inataja familia mpya tu. Kama kila ripoti ingetaja familia zote zilizopo kambini siku hiyo, familia moja ingehesabiwa tena kila ripoti inapotumwa, na Somme ingekuwa uongo mkubwa. Katika hali hiyo chukua ripoti ya mwisho ya kila mahali, usijumlishe.

HATUA YA 2: Tafuta kisichoonekana

Picha ya skrini haikuruhusu kubonyeza kitu. Yaliyofichwa yamebaki upande wa ofisi. Kwa hiyo ni lazima kuuliza, na maswali yanatoka kwenye picha yenyewe.

Juu pameandikwa (Plusieurs éléments). Maana yake mtu amechagua miezi kadhaa na kuacha mingine, lakini picha haisemi ni ipi. Katibu anauliza, anajibiwa: mwezi wa 4, wa 5 na wa 6. Aya yetu ni lazima itaje miezi hiyo.

Chini kuna (vide). Si kijiji. Ni ripoti ambazo mtu alisahau kuandika mahali. Hapa ni ripoti 3 zenye familia 45. Familia hizo zipo, zina mvua juu ya vichwa vyao kama wengine. Usizifute, wala usizigawe kwa kubahatisha. Zitaje, na uombe ripoti hizo zitafutwe.

Kisha kuna lile onyo la Nombre. Katibu anauliza kama kuna mstari wenye maneno. Ofisi inatazama: ndiyo, ripoti moja ya Kibua imeandikwa "kama 60". Hapa pana mtego. Somme inaruka maneno bila kutoa onyo lolote. Familia hizo 60 hazimo katika 370. Kwa hiyo Kibua ina 370, pamoja na kadirio la 60 lisilothibitishwa.

Mwisho, uliza picha ni ya lini. Mara nyingi jedwali la pivoti halijisasishi ripoti mpya inapoongezwa. Hapo mtu hulazimika kubonyeza Actualiser. Picha ya leo inaweza kubeba namba za juma lililopita.

HATUA YA 3: Weka picha mbili pamoja

Usiitupe picha ya kwanza. Ukiiweka kando ya ya pili, inakufundisha jambo. Nyabiondo ilituma ripoti 10 na familia ni 280, yaani 28 kwa kila ripoti. Pinga ilituma ripoti 2 tu, na familia ni 240, yaani 120 kwa kila ripoti.

Ripoti chache Pinga hazina maana kwamba kuna utulivu. Huenda njia ilikuwa mbaya, simu haikushika, au mwenye kuandika naye alikimbia. Sisi wa huku tunajua hali hiyo. Mapigano yalipofika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi 2025, orodha zilizoandikwa kabla ya siku hizo hazikuweza tena kusema nani yuko wapi. Mahali penye vita zaidi panaweza kuwa ndipo penye karatasi chache zaidi.

Kwa hiyo kuhusu Pinga tunaandika "angalau 240". Neno "angalau" ni la kweli hapa, kwa sababu tuna ripoti mbili tu kwa miezi mitatu. Lakini usiende mbali kuliko hapo. Usizidishe 120 mara kumi ukasema kuna familia 1200. Hilo jedwali halikulisema.

HATUA YA 4: Andika aya

Anza na jambo ambalo msimamizi atalitumia kuamua. Kisha namba chache, kisha upungufu wa namba hizo, na mwisho ombi. Majina ya safu za Ekseli yaache nje. Hii ndiyo aya ya katibu wetu:

"Mahitaji ya maturubai ni karibu sawa Masisi na Walikale, na Kibua ndiyo yenye familia nyingi zaidi. Kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 6, ripoti zetu zinaonyesha familia mpya 1295 bila turubai: Masisi 640, Walikale 610, na 45 ambazo mahali pake hapakuandikwa. Kibua ina 370, na ripoti nyingine inakadiria 60 zaidi ambazo hatujathibitisha. Pinga ina angalau 240, lakini tulipata ripoti mbili tu kutoka huko, hivyo huenda ni zaidi. Tunaomba ugawaji usiipite Walikale, na mtu atumwe au apigiwe simu Pinga kabla ya orodha kufungwa."

Ni sentensi tano. Msimamizi anaweza kuisoma akiwa amesimama. Tazameni pia kwamba aya haisemi kwa nini familia zilikimbia wala nani aliyewafukuza. Jedwali lilihesabu waliofika, halikuhesabu sababu. Mkijua sababu kwa njia nyingine, iandikeni kando na kusema mmeijuaje.

Kabla ya kutuma, mpe mtu mwingine aya na picha. Aguse kwa kidole kila namba ya aya na kuionyesha kwenye picha. Namba isiyo kwenye picha, kama ile 60, iwe na maelezo ya ilikotoka. Kisha jumlisheni: 640, 610 na 45 zinafika 1295. Zisipofika, kuna kosa la kunakili.

Mkiwasomea watu wa kambi na wenyeji wanaowapokea, soma aya nzima, pamoja na neno "angalau" na zile familia 45. Anayesikia tangu mwanzo kwamba namba zina upungufu hatasema baadaye kwamba alifichwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ripoti za kambi yenu huhesabu familia mpya, au familia zote zilizopo? Je, zinaweza kujumlishwa?

2. Picha inaonyesha mahali fulani hakuna mstari kabisa. Mtaandika "hakuna familia" au "hakuna ripoti"? Elezeni tofauti yake kwa anayegawa msaada.

3. Mwenzenu ameandika "familia nyingi sana" mahali pa namba. Ekseli itafanya nini kwenye Nombre? Na kwenye Somme?