Mafunzo Niliyopata: Watu 119, Siyo 570

Kikao cha wakulima wa mpunga tulikifanyia ukumbini Ifakara, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Walioko Mlimba, Malinyi na Dar es Salaam waliingia kwa Zoom. Jioni nikajumlisha harakaharaka: sahihi 86 za daftari, mistari 74 ya ripoti ya Zoom, na mara 410 ambazo video ilitazamwa YouTube. Nikaandika 570 kwenye ripoti ya mfadhili. Mhasibu wetu akauliza, "Hawa wa YouTube walisaini wapi?" Nikaanza upya.

1. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Tulikubaliana kwamba mhudhuriaji ni mtu mmoja aliyekaa angalau dakika 60, awe kwenye kiti au kwenye simu. Daftari letu lilikuwa la kuingilia tu, halionyeshi nani aliondoka mapema. Kilichotuokoa ni orodha ya nauli, iliyosainiwa mwisho wa kikao. Waliokuwamo kwenye orodha zote mbili ni 81.

2. Mstari wa Zoom si mtu. Bando likiisha au umeme ukikatika, anayerudi huandikwa mstari mpya. Nilipounganisha mistari ya mtu mmoja, 74 ikabaki 41. Kazi ngumu ilikuwa majina: wengine walijiita "Galaxy" tu, nikalazimika kuwapigia waratibu wao. Siku hizi kila anayeingia namwomba aandike jina na kijiji kabla hatujaanza.

Dakika nazo zina mtego. Mama mmoja alikuwa kwenye simu saa 3:10 hadi 3:45, na kwenye kompyuta saa 3:25 hadi 3:55. Ukijumlisha `Duration` unapata dakika 65, kumbe alikuwapo dakika 45 tu, maana 20 zimehesabiwa mara mbili. Angalia `Join time` ya kwanza na `Leave time` ya mwisho, kisha toa muda ambao hakuwapo kabisa.

3. Ondoa vifaa vya ukumbini. Kompyuta ya projekta, simu ya kamera na maofisa wawili waliokaa mbele yangu walikuwa ndani ya Zoom pia. Toa 4, wakabaki 37. Wasiofikisha dakika 60 walikuwa 9, wakabaki 28.

4. Skrini moja huweza kuwa na benchi zima. Mlimba walikusanyika mbele ya kompyuta moja, nami nilikuwa nimewahesabu kama mtu 1. Kiongozi wao alinitumia picha ya karatasi yenye sahihi 11, za kuingia na za kutoka. Nikatoa 1, nikaweka 11: mtandaoni 38.

5. YouTube ina mstari wake. Mtu mmoja akifungua video mara tatu, anaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja, na aliyetazama kesho yake hakuwapo kikaoni. Nimeiandika chini ya jumla: "Video ilitazamwa mara 410."

Ni kweli, aliyeacha simu mezani akaenda shambani naye yumo kwenye wale 38. Lakini na ukumbini wapo waliosinzia.

Ripoti ilikwenda na 81 jumlisha 38, yaani 119. Mfadhili aliuliza kuhusu wale 11 wa Mlimba tu, nikampa karatasi yao.